Mwenye nyumba anauliza nani kaharibu pampu

"Mwalimu, habari za kazi. Nyumba tunayopanga ilikuwa ya mzee ambaye sasa ni marehemu. Imerithiwa na mwanawe aliyekulia ng'ambo, hajui Kiswahili. Maji yalipoacha kutoka nilimwandikia barua pepe ya heshima, kijana wa jirani akaigeuza Kiingereza. Jibu limekuja kali: anauliza nani kaharibu pampu, na kwa nini bili haikulipwa. Bili tumelipa, na pampu hakuna aliyeigusa. Nakutumia barua yangu pamoja na tafsiri. Tumemkosea wapi, na sasa nimwandikie nini? Tuko kaya 3, watu 9, na kila siku tunabeba madumu 12 ya lita 20 kutoka kwa jirani."

Hamkumkosea adabu, na yeye pia hakuwakosea. Amejibu barua aliyoisoma, na barua aliyoisoma siyo uliyoiandika wewe. Yako ni ya mpangaji muungwana anayetoa taarifa ya shida. Iliyomfikia ni ya mtu aliyekatiwa maji, ambaye ana pampu iliyoharibiwa na mtu asiyetajwa, na anayeomba msaada bila kusema msaada gani. Ningekuwa mimi niko mbali na nyumba yangu nikasoma hivyo, ningeuliza maswali hayo hayo mawili.

Kijana wa jirani msimlaumu. Sarufi yake ni safi na maneno aliyoyachagua yamo katika kamusi. Sehemu moja ya barua yako inasema: "Tangu juzi maji yamekatika kabisa. Pampu imeharibika. Tunateseka sana baba, tunaomba utusaidie haraka iwezekanavyo." Yeye akaandika hivi:

```
Since the day before yesterday the water has been cut off completely.
The pump has been damaged.
We are suffering a lot, father. We beg you to help us
as soon as possible.
```

Tuanze na mistari miwili ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyozaa yale maswali mawili.

Kiswahili kina mnyambuliko ambao sisi tunautumia bila kuufikiria: katika, haribika, vunjika, pasuka. Tukisema "pampu imeharibika" tunaeleza hali ya pampu tu. Hatusemi kuna mtu aliyeifanya iwe hivyo, na msikilizaji hamtafuti mtu. Tukitaka kumleta mtu tunabadilisha kitenzi: "pampu imeharibiwa". Vivyo hivyo "maji yamekatika" ni hali, na "tumekatiwa maji" ni kitendo cha mtu, kwa kawaida mamlaka ya maji inayodai deni lake. Hata mtoto mdogo anaitambua tofauti hiyo. Ndiyo maana akidondosha kikombe husema kimevunjika, wala hasemi amekivunja.

Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hiyo. Mfasiri akikutana na "imeharibika" mara nyingi hukimbilia umbo la kutendwa, kama alivyofanya kijana wenu katika mstari wa pili, na umbo hilo huacha kiti kitupu cha mtenda. Msomaji Mwingereza akiona pampu "imeharibiwa" anasubiri kuambiwa na nani. Asipoambiwa anadhani anafichwa. Mstari wa kwanza ni mbaya zaidi: maneno aliyoyatumia kijana kuhusu maji ndiyo yanayotumika mtu asiyelipa bili anapofungiwa huduma. Mwenye nyumba hakubuni habari ya deni. Aliisoma humo humo.

Dawa yake ni kukiacha kitenzi cha kutendwa na kusema kifaa chenyewe kinafanya nini au kimeacha kufanya nini. Badala ya kutafuta neno la "imeharibika", uliza: ukiiwasha leo, inakuwaje? Haiwaki? Inanguruma bila kuzunguka? Inazunguka bila kupandisha maji? Jibu lolote kati ya hayo hufasirika kwa urahisi, halimshtaki mtu, na humpa mwenye nyumba habari ambayo neno "imeharibika" halikumpa. Kwa maji, usiseme yamekatika. Sema hayatoki. Na kama kweli kuna mtu aliyesababisha, kwa mfano gari limepita juu ya bomba likapasuka, basi mtaje au eleza tukio, kwa sababu hapo kificho ndicho kitakachowaponza.

Kwenye neno "bomba" kuna mtego wa namna hiyo hiyo. Kuna wanaoliita hivyo ule mfereji wa kupitisha maji, kuna wanaoita hivyo koki ya kufungulia, na kuna wanaomaanisha pampu ya mkono. Kiingereza kina majina matatu tofauti, na mfasiri asiyeijua nyumba atabahatisha moja. Koki hubadilishwa kwa muda mfupi, lakini bomba lililopasuka chini ya sakafu hutaka kuchimba. Kwa hiyo ukimpa mtu akutafsirie, mwonyeshe kifaa chenyewe au picha yake kabla hajaandika.

Sasa, kabla ya kuandika barua ya pili, nenda kaangalie mwenyewe maji yanaishia wapi. Mtu aliye mbali hawezi kuona chochote, na uamuzi unaomwomba, yaani kutoa fedha, unategemea jambo moja: je, hitilafu iko kwenye mtandao wa maji au iko ndani ya kiwanja chake? Ikiwa ni ya mtandao, hana la kufanya na barua haimhusu. Ikiwa ni ya ndani, ni yake.

Anza kwenye koki iliyo karibu kabisa na mita, ile inayopata maji kabla hayajaingia kwenye tangi. Ikitoa maji, mtandao ni mzima. Isipotoa, ulizeni majirani. Wao wakiwa nayo nanyi hamna, angalieni kama valvu ya mita imefungwa. Halafu funua tangi la chini uone kama kuna maji. Tangi likiwa na maji na la juu likiwa tupu, mmebaki na pampu, umeme wake, au bomba linalopanda. Kwa maelezo yako katika barua mmefikia hapo hapo: tangi la chini limejaa, la juu ni kavu, na pampu ikiwashwa inanguruma lakini haizunguki.

Hilo la kunguruma ulilitaja kwa kupita tu chini ya barua, na kijana hakulitafsiri kabisa. Kwangu ndiyo sentensi yenye thamani kuliko zote. Pampu nyingi za majumbani zina mota ya umeme wa fezi moja. Mota ya namna hiyo haina nguvu ya kuanza kuzunguka yenyewe, hivyo husaidiwa na kapasita, kifaa kidogo cha mviringo kinachokaa pembeni au juu ya mota. Kapasita ikifa, umeme unaingia, mota inanguruma, lakini mhimili hauendi. Dalili hiyo hiyo hutokea pia mhimili ukikwama kwa kutu au uchafu, hasa pampu ikiwa ilikaa siku nyingi bila kutumika. Kapasita ni kipuri cha bei ndogo sana ukilinganisha na pampu nzima. Umeandika pia kwamba fundi wenu alisema pampu "ni ya kubadilisha", lakini kwa maelezo yako hakuifungua wala hakuipima. Huenda yuko sahihi. Lakini barua ikimwambia mwenye nyumba kwamba pampu lazima ibadilishwe, kisha baadaye agundue kwamba kipuri kidogo kingetosha, hamtaaminiwa tena mwaka mzima.

Wakati huo huo, izimeni kwenye swichi kuu na msiendelee kuijaribu. Mota inayonguruma bila kuzunguka huvuta umeme mwingi na kupata joto upesi. Ikiachwa hivyo nyaya za ndani huungua, na hapo kweli itakuwa ya kubadilisha. Ikitokea hivyo, swali la nani kaiharibu litakuwa na jibu msilolipenda.

Barua inabidi itenganishe mliyoyaona na aliyoyasema fundi. Kiswahili hutuachia neno "anasema" lifanye kazi hiyo, na wengi huliacha njiani wanapotafsiri. Usiliache. Mngurumo mmeusikia wenyewe, hivyo andikeni kama jambo la hakika. Kubadilisha ni maoni ya fundi, andikeni hivyo. Na kumbuka Kiingereza mara nyingi kitakusukuma useme fundi ni mwanamume au mwanamke, jambo ambalo Kiswahili hakilitaki. Katika tafsiri ya kijana, fundi alianza kama mwanamume akamaliza kama mwanamke, na msomaji anaweza kudhani walikuja mafundi wawili.

Kuhusu wakati kuna mambo mawili yaliyokwenda mrama. Uliandika kwamba fundi alikuja saa nne. Kijana akatafsiri saa nne kwa namba hiyo hiyo, na kwa Kiingereza hiyo ni saa kumi yetu. Saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza na yao inaanza usiku wa manane, kwa hiyo tofauti ni saa 6 kila wakati: saa nne asubuhi huandikwa 10 am, na saa mbili usiku huandikwa 8 pm. Mkiwa na miadi ya simu na mtu aliye nchi nyingine, kosa hilo likichanganyika na tofauti ya majira hamtakutana kamwe. Andikeni saa na muongeze kwamba ni saa za huko nyumba iliko.

La pili ni "juzi". Barua pepe inaweza kusomwa baada ya siku tatu, na juzi ya msomaji siyo juzi yako. Weka siku ya wiki pamoja na tarehe, na mwezi uuandike kwa jina. Ukiandika 3/4, Mwingereza atasoma tarehe 3 Aprili na Mmarekani atasoma tarehe 4 Machi. Wewe uliandika barua Alhamisi tarehe 5 Machi, kwa hiyo juzi yako ni Jumanne tarehe 3 Machi.

Nyakati za vitenzi nazo zina lao. "Hatuna maji tangu Jumanne" ni shida inayoendelea hadi sasa. Kiingereza kina umbo maalumu la jambo lililoanza zamani na bado lipo, na utaliona katika barua hapa chini kwenye sentensi inayotaja Jumanne. Mfasiri akitumia wakati uliopita wa kawaida, msomaji ataelewa kwamba maji yalikosekana siku ile na sasa yamerudi. Nimeona barua za namna hiyo zikijibiwa kwa shukrani na kuwekwa pembeni.

Sasa nifike kwenye mstari wa tatu, ule wa mateso na maombi. Hapa sitaki unielewe vibaya. Kwetu kusema "tunateseka" ni kumpa mwenzio nafasi ya kuona huruma, na ni adabu, kwa sababu humlaumu, unamweleza tu hali. Kwa Kiingereza cha barua ya mpangaji na mwenye nyumba, neno lile ni zito mno. Husikika ama kama kutia chumvi ama kama utangulizi wa mashtaka. Wala sikushauri uifute shida. Ipime. Watu 9 wanabeba madumu 12 ya lita 20, ambayo ni lita 240 kwa siku, yaani chini ya lita 27 kwa kila mmoja kwa kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo. Shirika la Afya Duniani linataja kati ya lita 50 na 100 kwa mtu kwa siku kuwa ndicho kiasi kinachotosheleza mahitaji mengi ya msingi. Shirika si lazima ulitaje kwa mwenye nyumba. Mwambie tu lita 240 kwa watu 9 zinazobebwa kwa mkono, na atajua mwenyewe kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea wiki mbili.

Neno "tunaomba" ndilo linalobeba heshima ya ombi katika Kiswahili. Ukinunua kitu dukani unasema naomba, na hakuna anayedhani wewe ni ombaomba. Likitafsiriwa kwa kamusi linaangukia neno la kupiga magoti. Kiingereza huweka heshima yake mahali pengine: katika ombi lenye sura ya swali, linaloanza na kitenzi cha "ungeweza", likamalizia na kitu mahususi ambacho mtu anaweza kukikubali au kukikataa. "Utusaidie" siyo kitu mahususi. Mwenye nyumba hajui kama mnataka fedha, fundi, pampu mpya au punguzo la kodi. Na "haraka iwezekanavyo" kwa Kiingereza haina tarehe, kwa hiyo haimfungi, halafu ina harufu ya kusukumwa. Tarehe moja iliyo wazi ina heshima zaidi kuliko haraka isiyo na kikomo.

Salamu na jina hazihitaji maelezo marefu. Sentensi moja ya kumtakia heri yeye na familia inatosha, na kuiondoa kabisa si lazima. "Baba" haivuki. Mwiteni kwa jina la ukoo na cheo cha heshima. Ile "samahani kwa usumbufu" ya mwisho iacheni. Kwetu ni kufunga mlango kwa upole, lakini pale inakuwa kukiri kosa ambalo hamkulifanya, na ninyi tayari mnashukiwa.

Basi andika upya kwa Kiswahili kwanza, kwa mpangilio ambao tafsiri itaufuata: "Barua yangu iliyotangulia ilitafsiriwa neno kwa neno ikatoa picha isiyo sahihi, kwa hiyo naeleza upya. Nyumba nzima haina maji tangu Jumanne tarehe 3 Machi. Maji ya mtandao yanaingia kwenye tangi la chini kama kawaida, ila pampu inayoyapandisha kwenye tangi la juu imeacha kufanya kazi. Ukiiwasha inanguruma bila kuzunguka, kwa hiyo tumeizima. Hakuna mpangaji aliyeifungua. Bili ya maji imelipwa hadi mwisho wa Februari na risiti nimeiambatisha." Kisha fundi, kisha ombi. Ikivuka inakuwa hivi, sehemu ya kwanza:

```
Subject: No running water since Tuesday 3 March - pump not working

Dear Mr ...,

I hope you and your family are well. My last message was
translated word for word and gave the wrong impression,
so let me explain again.

The house has had no running water since Tuesday 3 March.
Mains water is filling the ground tank as usual, but the
pump that lifts it to the roof tank has stopped working.
It hums when switched on but does not turn, so we have
switched it off. None of the tenants has opened it.
The water bill is paid up to the end of February
(receipt attached).
```

Angalia jinsi maswali yake mawili yalivyojibiwa bila kumrudishia ukali. Hamjasema "umetushutumu", wala hamjajitetea aya nzima. Habari ya bili imekaa katika sentensi moja yenye ushahidi, na habari ya pampu imetaja jambo mnaloweza kulithibitisha: hakuna aliyeifungua. Hamkusema hakuna aliyeiharibu, kwa sababu sababu ya kufa kwake hamjaijua bado. Sentensi ya kukiri kwamba tafsiri ya kwanza ilikuwa mbovu ni ya lazima. Bila hiyo atadhani mmebadilisha maelezo baada ya kubanwa.

Sehemu ya pili ina fundi, madumu na ombi:

```
A plumber looked at it at 10 am on Wednesday 4 March. In his
opinion it needs replacing, but he did not open or test it.
The nine of us are carrying about 240 litres a day by hand
from a neighbour's house.

Could you please let us know by Monday 9 March whether you
would like us to have an electrician test the pump first,
or whether you would prefer to send someone yourself?
We will send you a written quote and will not spend
anything without your agreement.

Kind regards,
```

Ombi lina njia mbili na zote mbili anaweza kuzikubali bila kuona aibu: mmsimamie fundi wa umeme, au alete wake. Mtu aliye mbali mara nyingi huogopa kuibiwa kwa kuongezewa bei, hasa nyumba ikiwa ya urithi na asiwajue wapangaji. Ile ahadi ya makadirio ya maandishi kabla ya matumizi ndiyo inayomtuliza, kuliko salamu kumi. Lakini msiiandike kama hamwezi kuitimiza. Kama mlikwishamlipa fundi wa kwanza ada ya kuja kuangalia, semeni kiasi na muambatishe risiti, msingoje kuikata kimyakimya kwenye kodi.

Ambatisheni pia picha ya tangi la chini likiwa na maji, picha ya kibandiko cha pampu kinachoonyesha modeli na nguvu ya mota, na video ya sekunde chache yenye sauti ya mngurumo. Sauti hiyo anaweza kumsikilizisha fundi wa huko aliko, naye akamwambia lile lile la kapasita bila ninyi kulisema. Video ndefu huzidi kiwango cha barua pepe isifike, na Gmail kwa mfano hairuhusu zaidi ya MB 25 kwa viambatisho vyote. Kuiwasha pampu kwa ajili ya kurekodi, iwe mara moja tu kisha izimwe.

Utaniuliza kama haikuwa afadhali kumpigia simu. Simu ni ya haraka, na kama mmoja wenu anazungumza Kiingereza vizuri itaondoa ukali upesi. Shida ni kwamba haina kumbukumbu, na mazungumzo ya lugha ambayo huimiliki humalizika kwa kukubali mambo ambayo hukuyasikia sawasawa. Mimi ningetuma barua kwanza, halafu simu ya kuuliza kama imefika. Kumwandikia kwa Kiswahili ili atafute mfasiri wake mwenyewe ni haki yenu kama mkataba hautaji lugha, ila mtapoteza siku mkiwa na madumu mikononi. Jambo la kati ninalolipenda ni kutuma zote mbili katika barua moja, Kiingereza juu na Kiswahili chini. Ikitokea mgogoro kuhusu mlichosema, maneno yenu halisi yatakuwapo.

Tarehe 9 ikipita bila jibu, barua inayofuata isiongeze hasira, ipunguze maneno. Itaje tarehe ya barua hii ya pili, iseme maji bado hayatoki, na irudie ombi lile lile kwa tarehe mpya. Kabla ya hapo someni mkataba wa kupanga mjue matengenezo ya pampu ni ya nani na yameandikwaje. Msizuie kodi wala kuikata ili kununua pampu bila makubaliano ya maandishi. Mahali pengi mpangaji anayefanya hivyo hujikuta yeye ndiye mdaiwa, hata kama malalamiko yake ni ya kweli. Mkifika hapo nendeni ana kwa ana kwa wakili, kituo cha msaada wa kisheria au baraza linaloshughulikia migogoro ya nyumba eneo lenu, mkiwa na barua zote zimechapishwa. Na barua ikishakuwa ushahidi, tafsiri ya jirani haitoshi. Tafuteni mfasiri ambaye baraza au mahakama yenyewe inamkubali.

Kwa pampu yenyewe, mtu wa kuifungua ni fundi umeme, si mmoja wenu mwenye bisibisi. Kapasita inaweza kubaki na chaji hata baada ya umeme kuzimwa, na pale pana maji na sakafu yenye unyevu. Mkisikia harufu ya kuungua, au mtu akihisi umeme akigusa tangi au koki, zimeni swichi kuu na mwiteni fundi siku hiyo hiyo bila kungoja ruhusa ya mtu aliye ng'ambo. Gharama ya dharura ya namna hiyo mtaieleza baadaye, kwa risiti.

Akiamua kukupigia simu badala ya kuandika, msikilize, usikubali kiasi chochote hapo hapo, kisha jioni hiyo mtumie mistari miwili ya kile mlichokubaliana:

```
Thank you for calling today. As agreed, an electrician will test
the pump on Wednesday 11 March and I will send you his written
quote before any repair. Please tell me if I have misunderstood.
```

Ile sentensi ya mwisho iache ilivyo, usiifupishe. Inamwomba akusahihishe kama hukumwelewa, na asipokusahihisha, hicho kilichoandikwa ndicho mlichokubaliana.